Anzeni na Vitabu vya Jirani: Kutoka Tasnifu Hadi Pendekezo la Kitabu

(Hotuba kwa wahitimu wa uzamivu na walimu wa vyuo, Chake Chake, Pemba)

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokwisha kutetea tasnifu zenu, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya pendekezo la kitabu, yaani zile kurasa kumi mpaka kumi na tano ambazo mchapishaji huzitaka kabla hajakubali kuusoma mswada wako. Kazi yangu ni uhariri, na mapendekezo yanayotokana na tasnifu napokea mengi. Karibu yote huwa yameandikwa kwa mtiririko mmoja. Mtu huanza na jina la kitabu, akafupisha sura zake moja baada ya moja, akaandika mistari mitatu juu ya wasomaji, kisha mwisho kabisa, usiku wa kuamkia siku ya kutuma, akatafuta vitabu vinne vya kujazia ile sehemu ya vitabu vinavyoshindana. Leo nataka kukuombeni mgeuze kazi hiyo juu chini. Anzeni na vitabu vinavyoshindana, muende kwa wasomaji, na mihtasari ya sura iwe ya mwisho. Mchapishaji mtampa kwa mpangilio anaoutaka yeye kwenye fomu yake. Mimi nasema mpangilio wa kuandika.

Sababu yake ni hii. Tasnifu uliwaandikia watu wanne au watano, msimamizi na watahini, ambao kuisoma mpaka ukurasa wa mwisho ilikuwa ni kazi yao. Walitaka wahakikishe kwamba umesoma kila kilichoandikwa na kwamba mbinu zako zinasimama. Mhariri hayo hayamshughulishi sana, kwa kuwa chuo kimeshayathibitisha. Yeye ana swali moja: kwenye rafu ambayo kitabu hiki kitawekwa, pana nini tayari, na hiki kinaleta kitu gani ambacho maktaba au mwalimu atakitolea fedha? Swali hilo huwezi kulijibu kwa kukifupisha ulicho nacho. Unalijibu kwa kuangalia kwanza rafu.

Nitachukua mfano mmoja na nitakwenda nao mpaka mwisho. Tasnifu yenyewe nimeitunga, nisije nikamtahayarisha mtu mbele ya wenzake, lakini vitabu vya jirani nitakavyovitaja ni vya kweli. Tuseme dada yetu mmoja ameandika tasnifu ya historia yenye jina hili: "Kazi ya Msimu na Mahusiano ya Uzalishaji katika Mashamba ya Karafuu: Utafiti wa Wilaya ya Wete, Pemba, 1897–1964". Ina sura nane. Ya kwanza ni utangulizi, wenye tatizo la utafiti, malengo, maswali na umuhimu. Ya pili ni mapitio ya machapisho pamoja na kiunzi cha nadharia. Ya tatu ni mbinu. Ya nne inahusu miaka ya baada ya amri ya kufuta utumwa ya 1897, ya tano wachumaji wa msimu, ya sita wanawake katika kuchuma na kuchambua, ya saba bei, madeni na vyama vya wakulima. Ya nane ni hitimisho na mapendekezo kwa Serikali. Maneno laki moja na elfu kumi. Watahini wameipitisha kwa marekebisho madogo.

Sasa dada huyu akae na vitabu vya jirani. Cha kwanza hakikwepeki: kitabu cha Frederick Cooper kilichotolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1980, kinachoeleza jinsi watumwa wa mashambani walivyogeuka kuwa wakaazi na vibarua Zanzibar na pwani ya Kenya, tangu 1890 mpaka 1925. Cha pili ni cha Profesa Abdul Sheriff, 1987, juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu katika uchumi wa Zanzibar, ambacho kinaishia mwaka 1873. Cha tatu ni cha Elisabeth McMahon, kilichotolewa na Cambridge mwaka 2013. Hicho ni cha Pemba hasa, na kinaonesha kwa kumbukumbu za mahakama na mirathi namna watumwa waliotoka utumwani walivyotafuta heshima katika jamii. Cha nne ni cha Jonathon Glassman, kutoka Indiana mwaka 2011, juu ya fikra za utaifa na ubaguzi na fujo za miaka ya mwisho ya ukoloni.

Viwekeni vitabu hivyo vinne juu ya meza pamoja na tasnifu, mtaona jambo ambalo hakuna mtahini aliyemwambia dada yetu. Sura yake ya nne, ile ya 1897 na kuendelea, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo aliyoitolea jasho Nyaraka kule Kilimani, inakaa palepale alipokaa Cooper na palepale alipokaa McMahon. Haina kosa, lakini si mpya. Upya wake unaanzia pale Cooper alipoweka kalamu chini, mwaka 1925, na unakwenda mpaka 1964. Katika kipindi hicho Glassman yupo, lakini macho yake yako kwenye siasa, magazeti na fikra za watu waliosoma. Mchumaji aliyepanda mkarafuu na pakacha lake hakuna aliyemfanya kuwa mtu wa katikati ya kitabu.

Basi vitabu vya jirani vimeshamfanyia kazi tatu kabla hajaandika hata aya moja. Vimemwambia kitabu chake kianze wapi. Vimemwambia sura gani aikunje iwe kurasa chache za mwanzo. Na vimemwambia mhusika wake mkuu ni nani. Angeanza na mihtasari ya sura, angekuwa ameshaipa sura ya nne nafasi kubwa kuliko zote, halafu msomaji wa kitaalamu aliyeletewa pendekezo angeandika kwa mstari mmoja tu: "Hili tumeshalisoma."

Namna ya kuiandika sehemu hii nayo ina adabu zake. Wachapishaji wengi wanataka vitabu vinne mpaka sita, na kila kimoja kina jina la mtunzi, mchapishaji, mwaka, kisha sentensi tatu au nne. Sentensi ya kwanza iseme kitabu kile kimefanya nini, kwa haki. Ya pili iseme kinaishia wapi au kinaangalia upande gani. Ya tatu iseme chako kinafanya nini hapo. Kwa mfano wetu, juu ya Cooper, ataandika hivi: "Kitabu hiki ndicho msingi wa historia ya kazi katika mashamba ya Zanzibar baada ya utumwa. Kinaishia 1925, kikiwaangalia zaidi wenye mashamba, dola na wakaazi wa mashamba. Kitabu changu kinaendelea kutoka hapo mpaka 1964, na kinahamisha macho kutoka kwa mkaazi kwenda kwa mchumaji wa msimu, ambaye hakuwa na nyumba shambani wala haki ya kulima, na ujira wake ulihesabiwa kwa pishi." Inatosha. Hakuna haja ya kusema Cooper "ameshindwa" au "amepuuza". Tena nakuambieni kama mtu anayewatafuta wasomaji hao: huyo unayemponda kwenye pendekezo ndiye ambaye mhariri atampelekea mswada wako autolee maoni. Taaluma yetu ni ndogo.

Lililo baya zaidi ni kuandika kwamba hakuna kitabu kinachoshindana na chako. Mwandishi hudhani hiyo ni sifa. Mhariri huona mambo mawili, ama hukutafuta, ama hakuna anayenunua vitabu vya jambo hilo. Vitabu vya jirani vinamhakikishia kwamba wasomaji wapo.

Na lipo tatizo moja ambalo sisi wa visiwani tunalo zaidi kuliko wenzetu. Mchapishaji anataka vitabu vingi kati ya hivyo viwe vya miaka kumi ya karibuni. Vitabu vya kale vinaruhusiwa kimoja au viwili, vile vilivyo msingi. Sasa ukitafuta vilivyoandikwa juu ya mashamba ya Pemba peke yake, utamaliza haraka. Usibabaike ukajaza orodha kwa tasnifu za watu wengine, makala za majarida au ripoti za wizara, maana hivyo havishindani na kitabu dukani. Toka nje ya kisiwa. Wako wanaoandika historia ya zao moja, sukari, pamba, kahawa, wakalifuata kutoka shamba mpaka kwa mlaji, na wako wanaoandika historia ya Bahari ya Hindi, na historia ya kazi Afrika. Msomaji wa vitabu hivyo anaweza kuwa msomaji wako. Fungua katalogi za wachapishaji watatu unaowakusudia, uangalie mfululizo gani wa vitabu unafanana na wako. Fungua WorldCat uone kitabu kile kimo katika maktaba gani. Halafu soma utangulizi na hitimisho la kila kimoja, si maneno ya jalada la nyuma tu. Mhariri anajua mara moja nani amesoma jalada.

Sasa tuingie kwa wasomaji, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Sentensi ninayoiona mara nyingi kuliko zote ni hii: "Kitabu hiki kitawafaa wanazuoni, wanafunzi, watunga sera, asasi za kiraia na wasomaji wote kwa jumla." Sentensi hiyo imetoka moja kwa moja kwenye ile sehemu ya umuhimu wa utafiti, katika sura ya kwanza ya tasnifu. Pale ilikuwa na kazi yake. Kwenye pendekezo haimwambii mhariri chochote, kwa sababu hakuna hata mtu mmoja ndani yake anayeonekana akitoa fedha.

Kitabu cha kitaaluma cha kwanza cha mtu huuzwa nakala mia chache. Hilo si siri na wala si aibu, na mhariri hakutarajii umletee maelfu. Anachotaka ni kujua hizo mia chache zinakwenda mikononi mwa nani. Kwa hiyo tofautisheni makundi, na kila kundi mliseme kwa kitendo. Nani atanunua kwa sababu ni kazi yake? Hapo ni maktaba za vyuo vinavyofundisha historia ya Afrika, na watafiti wa historia ya kazi na ya Bahari ya Hindi. Nani atakisomesha? Hapo taja kozi kwa aina yake na mwaka wake: kozi ya mwaka wa tatu ya historia ya uchumi wa Afrika Mashariki, semina ya uzamili juu ya kazi baada ya utumwa. Na useme ni sura ipi itakayotolewa nakala ili wanafunzi waisome katika wiki moja, maana walimu wengi hawasomeshi kitabu kizima.

Akasimama kijana mmoja hapo nyuma, akasema: "Mwalimu, samahani. Na watu wa hapa? Wazee walionipa habari zote hizi, na watoto wao, hawamo katika makundi hayo?"

Nashukuru kwa swali hilo, kwani nilikuwa nakwenda huko huko. Wamo, lakini lazima useme ukweli juu ya bei. Kitabu cha jalada gumu kutoka kwa mchapishaji wa Uingereza au Marekani hakinunuliki Wete, wala Darajani. Ukiwaandika watu wa Pemba kama wasomaji bila ya kusema watakipataje, mhariri ataona ni adabu tu umefanya. Lakini ukiandika kwamba unapendekeza toleo la Afrika Mashariki la jalada jepesi, kwa kushirikiana na mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi, hapo umempa jambo la kuzungumza. Si jambo geni. Kitabu cha Profesa Sheriff cha 1987 kilitolewa na James Currey kule London, na papo hapo kikatolewa na Tanzania Publishing House Dar es Salaam. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota wanatoa vitabu kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na vitabu vyao vinafika nje kupitia African Books Collective, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe.

Na haki ya tafsiri ya Kiswahili izungumzeni mapema. Mikataba mingi ya wachapishaji wa nje inachukua haki za lugha zote, halafu hawazitumii. Kwenye sehemu ya wasomaji andika kwamba unakusudia toleo la Kiswahili, kisha siku ya mkataba omba haki hiyo ibaki kwako. Mara nyingi hawabishi, kwa sababu hawakuwa na mpango nayo. Ukiiomba miaka mitatu baadaye, utaambiwa uandike barua, na barua itazunguka.

Tumefika kwenye mihtasari ya sura. Sasa dada yetu anajua anaanzia 1925, mhusika wake ni mchumaji, na sura moja angalau iweze kusimama peke yake darasani. Sura nane zinakuwa sita. Mapitio ya machapisho yanaondoka yote. Yale yanayohitajika kweli yanaingia katika tanbihi, na mjadala mmoja mkubwa, ule wa kwamba mfanyakazi wa msimu ana nguvu gani mbele ya mwenye shamba, unaingia kwenye utangulizi kwa kurasa nne au tano. Nadharia haipewi sura yake. Itaonekana inavyofanya kazi ndani ya masimulizi. Mbinu zinakuwa kurasa mbili, na kama mahojiano na wazee yana jambo la pekee basi kiambatisho kifupi. Mapendekezo kwa Serikali yanatoka. Najua yanauma kutoka, lakini kitabu cha historia kinachomalizia kwa kuishauri wizara kinazeeka siku wizara inapobadilishwa jina.

Kila muhtasari una maneno kama mia mbili mpaka mia tatu. Kosa lake ni moja na linajirudia: muhtasari unasema sura inahusu nini, hausemi sura inadai nini. Hebu sikilizeni hii, sura ya tano ya tasnifu kama ilivyofupishwa mara ya kwanza:

"Sura hii inajadili wachumaji wa karafuu wa msimu katika Wilaya ya Wete. Inaangalia walikotoka, mazingira ya kazi, na malipo. Inachambua pia changamoto walizokabiliana nazo na mikakati waliyotumia. Mwisho, sura inatoa hitimisho."

Ukiifunika ile Wilaya ya Wete na karafuu, ungeweza kuweka wachimba chumvi wa mahali popote na muhtasari ukabaki vilevile. Tazama vitenzi vyake: inajadili, inaangalia, inachambua. Hakuna mtu anayefanya kitu isipokuwa sura yenyewe. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mezani kwangu: napigia mstari vitenzi, na kama mtendaji wa karibu kila kitenzi ni "sura hii", narudisha.

Sasa sikilizeni muhtasari huohuo baada ya kuandikwa upya. Sura imepewa jina, "Ugomvi wa Pishi":

"Mchumaji alilipwa kwa pishi ya karafuu mbichi, si kwa siku. Hivyo ugomvi mkubwa wa kila msimu haukuwa juu ya kiwango cha malipo kilichotangazwa, bali juu ya pishi yenyewe: ijazwe mpaka imwagike, au ifutwe juu kwa mkono? Makonyo yahesabiwe au yatolewe kwanza? Sura hii inatumia kesi za madai na masimulizi ya waliochuma kuonesha kwamba wachumaji walishinda mara nyingi katika miaka ya mazao makubwa, mikono ilipokuwa haitoshi na karafuu ikikaribia kufunguka juu ya mti, na wakashindwa katika miaka midogo. Nguvu yao ilipanda na kushuka pamoja na mkarafuu, ambao hauzai sawasawa kila mwaka. Ndiyo maana hawakujenga chama cha kudumu, na ndiyo maana maofisa wa kikoloni walidhani hawana malalamiko. Sura inayofuata inahamia kwa waliokaa chini ya mti wakichambua, wengi wao wanawake, ambao msimu haukuwapa nguvu ileile."

Kumbukeni hayo ya kesi na ushindi nimeyatunga kwa ajili ya mfano. Lakini angalieni kilichobadilika. Madai yamekaa mbele. Ushahidi umetajwa kwa aina yake, kesi na masimulizi, ili msomaji wa kitaalamu ajue unasimama juu ya nini. Sababu ipo, tena inatoka kwenye mti wenyewe: karafuu ikishafunguka ua thamani yake inapungua, kwa hiyo mwenye shamba hana siku nyingi za kubishana. Na sentensi ya mwisho inamkabidhi msomaji kwa sura inayofuata. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau. Mihtasari sita mizuri isiyoshikana ni makala sita, na mhariri atakushauri kwa upole uzipeleke kwenye majarida.

Ipo njia rahisi ya kupima kushikana huko. Chukua sentensi moja tu ya madai kutoka kila muhtasari, uziandike zikifuatana kwenye karatasi moja, umpe mtu asiye wa fani yako azisome. Akiweza kukuambia kitabu kinakwenda wapi, umepata. Akiuliza, "Na hii imeingiaje hapa?", umeshajua sura gani haina kazi. Kwa dada yetu sura hiyo ilikuwa ya madeni na vyama. Ilikuwa nzuri, yenye habari za mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa 1937 na chama cha wakulima kilichopewa mamlaka juu ya biashara ya karafuu, lakini mchumaji hamo. Hakuifuta. Aliigeuza ijibu swali la mchumaji: biashara ilipokwama na mwenye shamba akakosa fedha taslimu, nani alilipwa kwanza na nani aliambiwa asubiri? Habari ni zilezile, kumbukumbu ni zilezile, ila sasa sura ina sababu ya kuwemo.

Mengine ya kwenye fomu nayapitia haraka. Urefu: sema maneno elfu themanini mpaka elfu tisini, pamoja na tanbihi na marejeo, wala usiandike laki moja na elfu kumi ukitarajia kusamehewa. Picha na ramani: taja idadi, useme ruhusa ipo au bado, maana picha uliyoruhusiwa kuitia kwenye tasnifu haina maana umeruhusiwa kuichapisha kibiashara. Sura za mfano: tuma utangulizi ulioandikwa upya na sura moja ya katikati, "Ugomvi wa Pishi" kwa mfano, na usitume kabisa mapitio ya machapisho. Pendekezo unaweza kulipeleka kwa wachapishaji wawili watatu kwa pamoja mradi kila mmoja umwambie. Mswada mzima ukishakwenda kwa wasomaji wa kitaalamu, unakaa kwa mmoja mpaka ajibu.

Kisha ipo aya moja ambayo fomu nyingi huiuliza wazi, na hata isipoulizwa iandikeni: kitabu kinatofautianaje na tasnifu. Usiseme "nitafanya marekebisho kiasi". Sema sura zipi zimeondoka, kipindi kimehama kutoka wapi kwenda wapi, utafiti gani umeongezwa, na lini kila sura itakuwa tayari. Dada yetu ataandika kwamba sura tatu za mwanzo zimefutwa, ya nne imekunjwa kuwa sehemu ya utangulizi, na theluthi moja ya kitabu ni maandishi mapya. Kama ameshachapisha makala kutokana na sura, aitaje. Moja inasaidia, inaonesha kazi imepimwa na wengine. Makala nne kati ya sura sita, mchapishaji atauliza kitabu kimebaki na nini.

Bibi mmoja, mwalimu wa siku nyingi, aliuliza kuhusu wale waliohojiwa. Alisema: "Mwanangu, wazee wale walikubali kwa ajili ya masomo ya mtoto. Kitabu ni jambo jingine."

Kweli, Bi mkubwa. Fomu nyingi za ridhaa zinazotumika vyuoni zinasema "kwa madhumuni ya utafiti huu", na kitabu kinachouzwa ni zaidi ya hapo. Pemba nayo ni ndogo. Ukiandika "mzee M., mchumaji wa zamani, kijiji fulani, alizaliwa mwaka fulani", kijiji kizima kimeshamjua, na jina ulilolificha halikuficha kitu. Rudini kwao kabla ya kutuma pendekezo, mkapate ridhaa mpya, iwe ya maandishi au ya kurekodiwa, inayotaja kitabu. Aliyefariki, zungumzeni na wanawe. Asiyetaka, mtoeni, na kama madai yote ya sura yalisimama juu yake mmoja, ni bora mjue sasa kuliko mhakiki ajue baadaye. Kwenye pendekezo hilo linachukua sentensi moja tu: ridhaa za kuchapisha zimepatikana.

La mwisho ni kwa nyinyi ambao bado hamjakabidhi nakala ya mwisho ya tasnifu chuoni. Vyuo vingi sasa vinaweka tasnifu kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambako yeyote anaipakua bure. Wachapishaji wengi wanalivumilia hilo, kwa kuwa wanajua kitabu kitakuwa kingine, lakini wapo wanaouliza, na wapo wanaositasita. Chuo kikikuruhusu kuizuia isionekane kwa miaka miwili mpaka mitano, omba. Fomu ya ombi hilo hujazwa siku ileile ya kukabidhi, mara nyingi ni kisanduku kimoja chini ya ukurasa wa pili au wa tatu, na ofisa wa maktaba hatakukumbusha.